Baiti Moja ya Tofauti: Jinsi Asembla Inavyogeuza Majina Kuwa Anwani

Chukua mafaili mawili ya programu, kila moja lina baiti 512. Yalinganishe baiti kwa baiti. Utakuta yanafanana kote isipokuwa mahali pamoja, kwenye baiti ya saba: katika faili la kwanza baiti hiyo ni 7C, katika la pili ni 00. Washa kompyuta kwa kutumia faili la kwanza, nayo itaandika "Habari" kwenye skrini. Washa kwa faili la pili, utaona herufi moja au mbili zisizo na maana, kisha basi, hakuna kinachoendelea.

Mwandishi wa programu hizo hakuibadilisha baiti ya saba kwa mkono wake. Alichofanya ni kufuta mstari mmoja juu kabisa ya programu, mstari unaosomeka `org 0x7C00`. Cha ajabu ni kwamba mstari huo wenyewe hauzalishi baiti hata moja. Ukiutafuta ndani ya faili lililokamilika hutauona. Mtu anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya asembli akikutana na jambo hili mara ya kwanza huanza kuishuku kompyuta yake, na hana sababu, kwa kuwa kompyuta imefanya kile hasa ilichoambiwa.

Prosesa ya kompyuta haijui majina. Inachojua ni namba: namba za amri, na namba za mahali katika kumbukumbu, yaani anwani. Mwanadamu naye hawezi kuandika programu kwa namba tupu bila kuchanganyikiwa, ndiyo maana ikaundwa programu inayoitwa asembla. Wewe unaandika amri kwa vifupisho kama `mov` na `jmp`, unayapa majina maeneo unayotaka kuyarejea, na asembla inageuza vyote kuwa namba. Kazi hii ina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, kijana David Wheeler alikuwa tayari ameandikia kompyuta ya EDSAC programu fupi ya kusoma amri zilizoandikwa kwa herufi na kuzigeuza kuwa namba.

Katika faili unaloandika, mistari iko ya namna mbili. Ipo inayosema na prosesa: hii itageuzwa kuwa baiti na siku moja itatekelezwa. Na ipo inayosema na asembla yenyewe: iweke namba hizi hapa, jina hili limaanishe thamani hii, hesabu zako zianzie pale. Hii ya pili tuiite maagizo, na ile ya kwanza amri. Agizo hutimizwa wakati programu inatengenezwa na halimfikii prosesa kamwe. Anayezichanganya namna hizi mbili atateseka, kwa sababu zimeandikwa bega kwa bega na kwa sura zinafanana.

Hii hapa programu nzima tunayoizungumzia. Imeandikwa kwa ajili ya NASM, asembla ya bure inayotumika sana kwa prosesa za ukoo wa Intel 8086.

```
        org  0x7C00
URUDI   equ  13
MSTARI  equ  10

anza:   xor  ax, ax
        mov  ds, ax
        mov  si, salamu
tena:   lodsb
        cmp  al, 0
        je   simama
        mov  ah, 0x0E
        int  0x10
        jmp  tena
simama: jmp  simama

salamu: db   "Habari", URUDI, MSTARI, 0

        times 510-($-$$) db 0
        dw   0xAA55
```

Hii ni sekta ya kuwashia, yaani baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Tangu IBM PC ya mwaka 1981, BIOS ya kompyuta za namna hii inapomaliza kujikagua husoma sekta hiyo, huiweka kwenye kumbukumbu mahali palepale siku zote, anwani 0x7C00, kisha humkabidhi prosesa aanze kutekeleza kutoka hapo. Alama ya `0x` inamaanisha namba imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo baada ya 9 huja A, B, C, D, E na F. Kwa hesabu yetu ya kawaida, 0x7C00 ni 31,744, yaani kilobaiti 31 kamili kutoka mwanzo wa kumbukumbu. Kompyuta nyingi za leo huwaka kwa UEFI na si kwa BIOS ya zamani, kwa hiyo anayetaka kujaribu programu hii atumie kompyuta ya kuigiza kama QEMU.

Programu yenyewe ni nyepesi. Inaweka sifuri kwenye rejista ya DS, inaweka anwani ya salamu kwenye rejista ya SI, kisha inazunguka: inachukua herufi moja (`lodsb`), inaangalia kama ni sifuri, na kama sivyo inaiomba BIOS iichape. Ikikutana na sifuri inakwenda `simama`, ambako inajirukia yenyewe bila kikomo.

Sasa tukae upande wa asembla na tuone inavyolisoma faili hili. Ina vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni kaunta ya mahali, namba inayosema baiti inayofuata itakaa anwani gani. Cha pili ni jedwali la majina, ambalo mwanzoni ni tupu.

Mstari wa kwanza, `org 0x7C00`, unaipa kaunta thamani ya kuanzia. Miwili inayofuata, ya `equ`, inaingiza majina kwenye jedwali: URUDI ni 13, MSTARI ni 10. Hizo ni namba za kurudisha kasa mwanzo wa mstari na kushuka mstari mmoja. Kaunta haijasogea hata hatua moja, kwa kuwa hakuna baiti iliyotolewa. Kisha inakuja lebo `anza:`. Lebo nayo haina baiti. Asembla inapoikuta hutazama kaunta, inaona 7C00, na inaandika kwenye jedwali kwamba anza ni 7C00. Lebo ni hiyo tu: jina lililopewa thamani ya kaunta kwa wakati ule.

Amri `xor ax, ax` inachukua baiti mbili, hivyo kaunta inakwenda 7C02. `mov ds, ax` nayo mbili, 7C04. Halafu tunafika kwenye `mov si, salamu`, na hapa asembla inakwama kidogo. Salamu ni nani? Jina hilo halimo kwenye jedwali, maana limetajwa kabla halijafafanuliwa. Liko chini huko, mistari kadhaa mbele.

Dawa ya zamani, ambayo bado ni msingi wa asembla nyingi, ni kupita faili mara mbili. Katika mpito wa kwanza asembla haijali salamu iko wapi. Inachohitaji kujua ni amri hii itachukua baiti ngapi, na hilo inalijua: kuweka namba ya biti 16 kwenye SI huchukua baiti tatu, iwe namba hiyo ni 5 au 50,000. Basi inasogeza kaunta kwa tatu hadi 7C07 na kuendelea. Ikifika mwisho wa faili, kila lebo imeshapata namba yake. Mpito wa pili unaanza juu tena, safari hii jedwali likiwa limejaa, na sasa baiti zinaandikwa kwa kweli.

Matokeo ya mpito wa pili ni haya. Safu ya kushoto ni anwani, inayofuata ni baiti zenyewe.

```
7C00  31 C0      anza:   xor ax, ax
7C02  8E D8              mov ds, ax
7C04  BE 14 7C           mov si, salamu
7C07  AC         tena:   lodsb
7C08  3C 00              cmp al, 0
7C0A  74 06              je simama
7C0C  B4 0E              mov ah, 0x0E
7C0E  CD 10              int 0x10
7C10  EB F5              jmp tena
7C12  EB FE      simama: jmp simama
7C14  48 61 62 61 72 69 0D 0A 00
```

Mstari wa mwisho ndio salamu. Agizo `db` linasema: weka baiti hizi hapa kama zilivyo. Asembla imezigeuza herufi za "Habari" kuwa namba zake, 48 kwa H, 61 kwa a, na kuendelea, kisha ikaweka 0D mahali pa URUDI, 0A mahali pa MSTARI, na sifuri ya kufunga. Jumla baiti tisa. Kumbuka kwamba asembla haijui kuwa haya ni maneno. Kwake yeye na kwa prosesa pia, baiti za data na baiti za amri ni zilezile. Ungeiweka salamu juu kabisa, kabla ya `anza`, asembla isingelalamika hata kidogo. Lakini prosesa ingeanza kutekeleza herufi H kana kwamba ni amri, na kinachofuata hapo hakitabiriki. Ndiyo sababu data imekaa baada ya `jmp simama`, mahali ambapo prosesa haiwezi kufika kwa kutembea.

Tazama sasa mstari wa 7C04: BE 14 7C. BE ndiyo amri yenyewe, "weka namba kwenye SI". Mbili zinazofuata ni anwani ya salamu, 7C14, ikiwa imeandikwa kinyumenyume, baiti ndogo mbele na kubwa nyuma. Prosesa za ukoo huu ndivyo zinavyohifadhi namba za zaidi ya baiti moja. Kwa sababu hiyohiyo agizo la mwisho, `dw 0xAA55`, ambalo huweka namba ya baiti mbili, linatoka kwenye faili kama 55 AA. BIOS huzitafuta baiti hizo mbili mwishoni mwa sekta, na BIOS nyingi zikizikosa hukataa kuwasha kutoka kwenye diski hiyo.

Na hiyo 7C iliyo mwishoni mwa BE 14 7C ndiyo baiti ya saba tuliyoanza nayo.

Futa `org` na uache mengine yote. Kaunta sasa inaanza sifuri. Lebo zinakuwa 0000, 0007, 0012 na 0014, na amri ya kuweka SI inatoka kama BE 14 00. Kwingine kote hakuna kinachobadilika, na hapo ndipo penye ufunguo wa mambo. Kwa nini `je simama` na `jmp tena` hazikubadilika, ilhali nazo zinataja lebo?

Kwa sababu haziandiki anwani, zinaandika umbali. Angalia `je simama` iliyoko 7C0A: baiti zake ni 74 06. Hiyo 06 ina maana "ruka baiti sita mbele, ukihesabu kutoka kwenye amri inayofuata". Amri inayofuata iko 7C0C, ongeza sita, unapata 7C12, ndiyo simama. Bila `org`, hesabu inakuwa 000C kujumlisha sita, 0012. Umbali ni uleule. `jmp tena` inarudi nyuma baiti 11, na F5 ndivyo hasi 11 inavyoandikwa katika baiti moja. Na EB FE, ile ya kujirukia yenyewe, ni hasi mbili: rudi urefu wako mwenyewe. Wazoefu wakiziona baiti hizo mbili popote hujua papo hapo kwamba programu imezungushwa mahali pamoja.

Ni sawa na kumwelekeza mgeni. Ukimwambia "kutoka hapa ulipo, nyumba ya sita mbele", maelekezo yako yatafaa hata kama amekosea mtaa. Ukimpa namba ya nyumba na mtaa, atafika endapo tu mtaa uliouandika ndio aliopo.

Kwa hiyo programu isiyo na `org` haianguki. Inawaka, inazunguka, inasimama pale inapotakiwa kusimama. Mirukaji yote ni ya umbali, inafanya kazi popote. Kilichoharibika ni data peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyorejewa kwa anwani kamili. Hii ni dalili ya kuishika: ukiona programu inatembea vizuri lakini inasoma au kuchapa takataka, usianze kuchunguza mantiki ya mzunguko wako, kagua mwanzo wa hesabu za anwani.

Hata takataka yenyewe ina asili yake. Prosesa imeambiwa salamu iko 0014, nayo inakwenda kusoma hapo. Mwanzo wa kumbukumbu, katika kompyuta hizi, kuna jedwali la BIOS lenye anwani za huduma zake, baiti nne kwa kila huduma. Baiti ya 0x14, ambayo ni 20, ndiyo mwanzo wa ingizo namba 5, huduma ya kuchapa skrini kwenye printa. Katika BIOS ya IBM PC huduma hiyo ilikuwa kwenye segmenti F000, nafasi FF54, na kwa mtindo wa kinyumenyume inakaa kama 54 FF 00 F0. Programu yetu inazisoma baiti hizo kana kwamba ni salamu: 54 ni herufi T, FF huonekana kama nafasi tupu, na 00 ni alama ya mwisho. Kwa hiyo badala ya "Habari" unapata T na kimya. Kwenye BIOS nyingine herufi inaweza kuwa tofauti, lakini sababu ni hii.

Basi `org` inafanya nini hasa? Wengi huamini kwamba inaiweka programu kwenye anwani 7C00. Haifanyi hivyo, na haina uwezo huo. Faili lenye `org` linaanzia baiti ya kwanza sawasawa na lisilo nayo, halina nafasi ya kilobaiti 31 mbele yake. Anayeiweka programu 7C00 ni BIOS, na BIOS ingeiweka hapo hata kama ungeandika `org 0x1234`. Agizo hili ni taarifa tu kwa asembla: programu hii itakapokuwa inatekelezwa, baiti yake ya kwanza itakuwa hapa, basi zijumlishe anwani zote na namba hii. Asembla inaamini bila kuuliza. Ukiipa taarifa ya uongo haitoi onyo lolote, maana haina njia ya kujua.

Hapa inabidi tahadhari kidogo, kwa kuwa si asembla zote zinazolichukulia neno hili kwa namna moja. Katika MASM ya Microsoft na jamaa zake, `ORG` inaweza kuandikwa mara nyingi ndani ya programu moja, na kila mara inaisogeza kaunta kwenda mahali unapopataka. BIOS ya IBM iliandikwa kwa namna hiyo, na ndivyo huduma ya kuchapa skrini ilivyobanwa kwenye FF54 hasa. NASM kwa upande wake, inapotoa faili tupu la baiti, inakubali `org` moja tu na ukiirudia inagoma. Anayenakili programu kutoka kitabu cha asembla moja kwenda nyingine huumia hapa.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili, lakini lenyewe huwapata hata waliokumbuka kuandika `org`. Prosesa ya 8086 haitumii namba iliyo ndani ya SI peke yake. Inachukua iliyomo kwenye DS, inaizidisha kwa 16, kisha inajumlisha SI. Ndiyo maana programu yetu inaanza kwa kuweka sifuri kwenye DS: sifuri mara 16 ni sifuri, kwa hiyo anwani inabaki 7C14 kama asembla ilivyohesabu. Ipo njia ya pili iliyo halali vilevile: andika `org 0` na uweke 0x07C0 kwenye DS. Kumi na sita mara 07C0 ni 7C00, jumlisha 0014, unafika palepale. Balaa ni kuchanganya nusu ya njia moja na nusu ya nyingine. Ukiweka `org 0x7C00` pamoja na DS ya 07C0, prosesa inajumlisha 7C00 mara mbili na kwenda kusoma F814, sehemu ambayo hujaweka kitu. Kosa hili ni la kawaida kwa anayeunganisha vipande kutoka programu mbili tofauti, kila kimoja kikiwa sahihi kwao kilikotoka.

Turudi kwa `equ`, kwa sababu tofauti yake na `db` huwachanganya watu. Zote mbili zinaonekana kama kulipa jina thamani. Lakini `URUDI equ 13` inasema kila ninapoandika URUDI, wewe asembla elewa 13. Haina anwani, haimo kwenye kumbukumbu, haiwezi kubadilishwa programu ikiwa inatembea. Ukiandika `URUDI: db 13`, unaweka baiti yenye 13 mahali fulani, na jina URUDI linakuwa anwani ya mahali hapo. Katika NASM `mov si, URUDI` itakupa anwani hiyo. Ukitaka kilichomo ndani unaweka mabano ya mraba, `mov al, [URUDI]`. Kusahau mabano hayo ni kosa ambalo mara nyingi asembla haitakukamata nalo, kwani zote mbili ni amri halali.

Uzuri wa `equ` unaonekana zaidi inaposhirikiana na alama ya `$`, ambayo maana yake ni "thamani ya kaunta hapa nilipo". Ukiandika mara tu baada ya salamu:

```
salamu: db   "Habari", URUDI, MSTARI, 0
UREFU   equ  $-salamu
```

asembla inachukua 7C1D, inatoa 7C14, inapata 9. Kesho ukibadili salamu iwe "Habari za asubuhi", urefu unajirekebisha wenyewe. Sharti ni kwamba mstari huo ukae palepale, chini ya data inayopimwa. Akija mtu akachomeka ujumbe wa pili katikati yao, `$` itakuwa imesogea, na UREFU utahesabu jumbe zote mbili. Programu itachapa salamu na kuunganisha na ujumbe usiohusika, na hakuna onyo utakalopewa.

Hesabu ya namna hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye `times 510-($-$$) db 0`. Alama ya `$$` ni mwanzo wa sehemu, 7C00. Tofauti ni 1D, yaani 29: hizo ndizo baiti zote za programu na salamu. Asembla inatoa 29 kwenye 510 na kuweka sifuri 481, ili 55 AA ziangukie baiti mbili za mwisho za sekta. Programu ikinenepa kupita 510, hesabu inakwenda hasi na NASM inakataa kuendelea, ikisema thamani ya `TIMES` ni hasi. Hilo ni kosa la heri, kwani linajitokeza mezani kabla hujawasha chochote.

Makosa mengine niliyoyataja hayajitangazi hivyo, inabidi uyatafute. NASM inaweza kukutolea orodha inayoonyesha kila mstari na baiti zake, lakini orodha hiyo ina mtego: inahesabu kutoka sifuri hata kama umeandika `org`, na mstari wa salamu utausoma kama `BE[1400]`. Mabano hayo yana maana kwamba namba haijakamilika, mwanzo utajumlishwa wakati wa kuandika faili. Nimeshaona watu wakiapa kwamba `org` yao haifanyi kazi kwa kutazama orodha hiyo. Afadhali usome faili lenyewe lililotoka:

```
nasm -f bin anza.asm -o anza.bin
ndisasm -o 0x7C00 anza.bin
```

Programu ya `ndisasm` huja pamoja na NASM na hufanya kazi kinyume chake, inageuza baiti kuwa amri. Namba baada ya `-o` inaiambia ihesabu kutoka wapi, kwa sababu ndani ya faili hakuna alama yoyote ya 7C00 kama mwanzo. Taarifa hiyo ilikwisha kazi yake ikapotea. Tafuta mstari wa 7C04. Ukikuta `mov si,0x7c14`, mambo ni sawa. Ukikuta `mov si,0x14`, umesahau `org`. Ukifika kwenye salamu usishtuke: `ndisasm` haijui kwamba hayo ni maneno, itakutafsiria "Habari" kuwa amri za ajabuajabu.

Yote haya yanahusu programu ambayo mwandishi anajua kwa hakika itawekwa wapi. Programu ya kawaida ya Linux au Windows haina bahati hiyo, kwani hutengenezwa kwa vipande vingi, na wakati asembla inashughulikia kipande kimoja, haijulikani vingine vina urefu gani. Hapo asembla hukubali kutojua. Inahesabu umbali inaoweza kuuhesabu, na penye anwani kamili inaweka namba ya muda na kuacha maelezo pembeni: hapa pajazwe anwani ya salamu itakapojulikana. Anayejaza ni programu nyingine, linka, inayopanga vipande vyote na kuamua mwanzo. Kwa programu za Linux za biti 32, mwanzo wa kawaida uliozoeleka wa linka ya GNU ni 0x08048000. Na ukiandika `org` kwenye kipande cha namna hiyo kwa mfumo wa ELF, NASM inalikataa agizo hilo moja kwa moja, kwa kuwa uamuzi huo hauko tena mikononi mwa asembla.